Makosa sita, sababu tatu: namna ya kusahihisha zoezi la ngeli kutoka kwenye picha

Binti wa kaka yangu yuko darasa la tano. Mama yake hana muda jioni, kwa hiyo hupiga picha ukurasa wa daftari na kunitumia: "Wifi, hebu mwangalizie mwanao." Juzi zoezi lilikuwa la ngeli na upatanisho wa kitenzi, sentensi nane, kila moja ikiwa na pengo mbele ya kitenzi. Mtoto alikuwa amejaza hivi:

1. Vifaranga vimekufa.
2. Gari la wageni wamefika.
3. Mayai zimeoza.
4. Ukuta mrefu umeanguka.
5. Dada yangu amesafiri.
6. Maji imemwagika.
7. Kusoma kwake imemsaidia.
8. Nyumbani kwetu imejaa wageni.

Alipata mbili kati ya nane. Ukimwandikia majibu sita sahihi atayanakili, na wiki ijayo atakosea sita nyingine. Lakini ukiyatazama vizuri, makosa haya sita yametoka kwenye sababu tatu tu. Ukizitambua hizo tatu, una mambo matatu ya kumweleza, na hayo anaweza kuyashika. Mwongozo huu unatumia ukurasa huuhuu kuonyesha kazi hiyo, kuanzia picha mpaka jibu utakalomrudishia.

Kwanza, hakikisha picha inasomeka

Kosa la upatanisho hukaa kwenye herufi moja au mbili za mwanzo wa kitenzi. Tofauti ya "imefika" na "limefika" ni herufi moja nyembamba. Kitenzi kikiangukia mwanzo wa mstari, karibu na mshono wa daftari, herufi hiyo ndiyo ya kwanza kumezwa na kivuli au kukatwa na ukingo wa picha. Ukisahihisha picha ya namna hiyo, unaweza kumkosesha mtoto aliyepata.

Mwombe aliye na daftari afanye hivi:

1. Alifungue daftari na kulilaza juu ya meza karibu na mlango au dirisha, mwanga ukitokea ubavuni. Akisimama kati ya mwanga na daftari, kivuli chake kitafunika maandishi.
2. Aubonyeze mshono kwa kiganja ili ukurasa ulale sawa.
3. Ashike simu juu ya ukurasa, isiinamie upande wowote, na azime taa ya kamera. Taa hiyo huacha doa jeupe katikati ya karatasi.
4. Apige ukurasa mzima pamoja na maagizo ya mwalimu. Usipoyaona maagizo hutajua kama sentensi zilitakiwa kubaki katika umoja au kugeuzwa kuwa wingi.
5. Kama herufi zimefifia zikishafika kwako, atume tena kama faili, maana programu nyingi za ujumbe hubana picha ya kawaida.

Ukishaipata, nakili kila sentensi kwenye karatasi yako kama mtoto alivyoiandika, pamoja na makosa yake. Hatua hii huonekana kama ya kupoteza muda, lakini jicho la mtu anayejua Kiswahili husahihisha lenyewe. Utasoma "yameoza" mahali palipoandikwa "zimeoza" na kupita. Mkono unaonakili haupiti. Penye herufi yenye shaka weka alama ya kuuliza na umuulize mtoto aliandika nini. Usikisie.

Swali moja kabla ya kalamu nyekundu

Kwa kila sentensi uliza: *ni nini au ni nani anayesemwa na kitenzi hiki?* Jibu lake ni nomino moja, yaani kiima. Ukiipata, iseme pamoja na kitenzi katika umoja, kisha katika wingi: gari limefika, magari yamefika. Hapo ngeli imejitaja yenyewe, LI-YA.

Usiruke hatua ya wingi. Ukuta umeanguka, mti umeanguka, ugonjwa umeenea: zote zina *u-* katika umoja, na ukiishia hapo utadhani ni ngeli moja. Wingi ndio unaozitenga: kuta zimeanguka, miti imeanguka, magonjwa yameenea. Basi ukuta ni U-ZI, mti ni U-I na ugonjwa ni U-YA.

> Angalia kitabu cha mtoto. Vitabu vingine huziita ngeli kwa umbo la nomino: M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA, N. Vingine huziita kwa viambishi vinavyotokea kwenye kitenzi: A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA, I-ZI. Tumia majina ya kitabu chake, hata kama wewe ulisoma mengine. Ukiwa na shaka juu ya neno, fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu: baada ya nomino utakuta mabano kama [ki-/vi-] au [a-/wa-], ambayo ndiyo viambishi vya kitenzi chake.

Sababu ya kwanza: kuisoma nomino usoni (sentensi ya 1)

Mtoto ameona *vi-* mwanzoni mwa "vifaranga", akaihamisha kwenye kitenzi. Kanuni hiyo inafaa kwa viti, visu na vikombe. Kwa viumbe haifai, kwa sababu Kiswahili hutazama kwanza kama kinachosemwa ni mtu au mnyama, ndipo kitazame umbo la neno. Mtu, mnyama, ndege, samaki na mdudu, vyovyote neno linavyoanza, kitenzi chake huchukua *a-* katika umoja na *wa-* katika wingi. Kifaru amekimbia. Kiongozi amefika. Nyoka wameingia. Mimea haimo katika fungu hili ingawa ina uhai, ndiyo maana tunasema mti umeanguka.

Jibu ni *Vifaranga wamekufa.* Kigawanye kitenzi mtoto aone: wa-me-ku-fa. *Wa-* ni vifaranga, *-me-* ni wakati timilifu, *-fa* ni mzizi. Ile *-ku-* ya katikati haihusiani na ngeli yoyote. Ipo kwa sababu mzizi *-fa* ni mfupi mno. Mwambie mapema, kwa kuwa mtoto makini atauliza, na huyu aliuliza.

Akisema vifaranga wamekwisha kufa, si viumbe tena, mjibu kwamba kifo hakibadilishi ngeli ya jina. Kifaranga aliyekufa bado ni "yule". Ila ukitumia neno jingine, *mzoga*, umetoka kwenye A-WA na kuingia U-I: mzoga umeoza, mizoga imeoza.

> Usikate kisicho kosa. Mtoto akiandika "Kitoto kile kimelia" au "Jitu lile limefika", usimwekee mkasi. Nomino ikitiwa umbo la udogo au la ukubwa, huweza kufuata KI-VI na LI-YA hata kama ni mtu. Kifaranga, kiboko na kijana si maumbo ya udogo kwa maana hiyo, ndiyo majina yao ya kawaida.

Sababu ya pili: kuvutwa na jirani (sentensi ya 2)

*Gari la wageni wamefika.* Hapa mtoto anaijua A-WA vizuri, tena ameitumia bila kosa kwa wageni. Kosa ni kwamba wageni si kiima. Wao wanaeleza gari ni la nani, na wamekaa karibu na kitenzi kuliko gari lenyewe, basi kitenzi kikawafuata wao.

Ukimwandikia "gari ni LI-YA" hutakuwa umemsaidia, kwa sababu pengine hilo analijua. Mfundishe kufunika kwa kidole kila kitu kati ya nomino ya kwanza na kitenzi: *Gari ___mefika.* Kidole kikishafunika "la wageni", mtoto mwenyewe atasema "limefika". Jibu ni *Gari la wageni limefika*: li-me-fika, *li-* ikisimama badala ya gari moja.

Kisha mwonyeshe kitu alichonacho mbele ya macho yake. Kati ya gari na wageni kuna neno dogo *la*. Hilo *la* limeshapatana na gari, na ndiyo dada yake *li-*. Sentensi ilikuwa imemtajia jibu. Ukitazama ya 7 na ya 8 utaona hali hiyohiyo: *kwake* na *kwetu* zote zimebeba *ku*, lakini kitenzi kikapewa *i-*. Kwa hiyo, kabla ya kujaza pengo, asome neno dogo linaloifuata nomino:

| Neno dogo | Kitenzi huanza na |
|---|---|
| la, langu, letu | li- |
| cha, changu, chetu | ki- |
| vya, vyangu, vyetu | vi- |
| za, zangu, zetu | zi- |
| kwa, kwake, kwetu | ku- |
| ya, yangu, yetu | i- au ya- |
| wa, wangu, wetu | a-, wa- au u- |

Mistari mitano ya juu hutoa jibu moja. Miwili ya chini hutoa zaidi ya moja, na hapo ndipo arudi kwenye nomino: *miti ya* huzaa i-, *mayai ya* huzaa ya-, *mtoto wa* huzaa a-, *watoto wa* huzaa wa-, *ukuta wa* huzaa u-.

Jedwali hili lina mtego, nao uko kwenye sentensi ya 5. *Dada yangu* ina "yangu", na mtu anayefuata jedwali kwa upofu angeandika "imesafiri". Majina ya jamaa na marafiki yasiyo na kiambishi cha *m-*, kama baba, mama, dada, kaka, shangazi na rafiki, huchukua *yangu* katika umoja na mara nyingi *zangu* katika wingi, lakini kitenzi chake hubaki A-WA kwa sababu ni watu. Dada yangu amesafiri. Dada zangu wamesafiri. Wajomba wao wanafuata njia ya kawaida: mjomba wangu amesafiri.

Wazazi wengi hukosea hapa kwa upande mwingine: huikata "dada yangu" na kuandika "dada wangu", wakidhani A-WA inadai hivyo. Mtoto alikuwa sahihi. Mpe alama yake, na umweleze kwa nini ni sahihi, maana huenda alipata kwa mazoea ya sikio tu.

Sababu ya tatu: I na ZI za mtaani (sentensi ya 3, 6, 7 na 8)

Makosa manne kati ya sita yako hapa. Mtoto asipokuwa na uhakika hukimbilia *i-* kwa kitu kimoja na *zi-* kwa vingi. Si uzembe. Sehemu nyingi za miji na bara, Kiswahili cha mazungumzo kimepunguza ngeli, na *i-* na *zi-* zimechukua nafasi ya nyingine. "Maji imekwisha" atayasikia dukani, kwenye basi, hata nyumbani kwake. Hivyo usimwambie kwamba amesikia vibaya. Amesikia sawasawa, ila daftari linadai Kiswahili sanifu.

*Mayai yameoza.* Yai limeoza, mayai yameoza: LI-YA. Kitenzi: ya-me-oza. Mwonye kwamba *ma-* ya nomino haihami kwenye kitenzi. *Ma-* hukaa kwenye nomino na kwenye kivumishi, mayai mabovu, lakini kitenzi huchukua ya-. Ndivyo ilivyo pia kwa ukuta wa sentensi ya 4: kivumishi kimesema mrefu na kitenzi kimesema umeanguka, na vyote viwili vinapatana na ukuta uleule. Hiyo ya 4 ni sahihi. Iandike katika wingi pembeni, *Kuta ndefu zimeanguka*, ili aone kwamba *zi-* ina mahali pake halali.

*Maji yamemwagika.* Maji hayana umoja, lakini kitenzi chake kinashika *ya-* daima, sawa na mafuta, mate na marashi. Katika ya-me-mwagika, *mw* ni sehemu ya mzizi. Watoto hudhani ni kiambishi cha mtu na kuanza kutafuta mtu ambaye hayupo.

*Kusoma kwake kumemsaidia.* Kitenzi kilichogeuzwa kuwa jina kwa *ku-* hupatanishwa kwa *ku-*. Kitenzi hiki kinafaa kukaliwa kidogo, kwa kuwa kina viambishi viwili vya upatanisho: ku-me-m-saidia. *Ku-* ni kusoma, kiima. *-m-* ni yule aliyesaidiwa, mtendwa. 

*Nyumbani kwetu kumejaa wageni.* Hili ndilo kosa ninalolipenda kulieleza, kwa sababu nusu yake ni kweli. "Nyumba yetu imejaa wageni" ni sentensi safi. Lakini ikiongezwa *-ni*, nyumba inaacha kuwa jengo na kuwa mahali. Inatoka I-ZI na kuingia ngeli ya mahali, yenye viambishi vitatu: *pa-* kwa mahali mahususi, *ku-* kwa mahali pa jumla, *m-* kwa ndani. Kwa kuwa sentensi imeshasema *kwetu*, kitenzi hufuata na *ku-*. Ingekuwa *nyumbani mwetu*, tungesema mmejaa wageni. Mwandikie mtoto sentensi mbili, moja chini ya nyingine, na upigie mstari *-ni*:

Nyumba yetu imejaa wageni.
Nyumbani kwetu kumejaa wageni.

Namna ya kumrudishia

Usichore juu ya picha nzima mpaka maandishi yake yapotee. Weka duara kwenye kiambishi peke yake, si kwenye kitenzi kizima, maana mzizi hauna kosa. Halafu umtumie maelezo ya mstari mmoja kwa kila sentensi, sahihi na isiyo sahihi, kwa mpangilio usiobadilika: nomino, idadi, ngeli, kiambishi, sentensi.

> 1. Vifaranga, wingi, A-WA (viumbe), wa-: Vifaranga wamekufa.
> 2. Gari, umoja, LI-YA, li-: Gari la wageni limefika.
> 3. Mayai, wingi, LI-YA, ya-: Mayai yameoza.
> 4. Ukuta, umoja, U-ZI, u-: Ukuta mrefu umeanguka. ✓
> 5. Dada, umoja, A-WA (mtu), a-: Dada yangu amesafiri. ✓
> 6. Maji, hayana umoja, YA-YA, ya-: Maji yamemwagika.
> 7. Kusoma, tendo, KU, ku-: Kusoma kwake kumemsaidia.
> 8. Nyumbani, mahali, PA-KU-MU, ku-: Nyumbani kwetu kumejaa wageni.

Chini yake andika sababu tatu kwa lugha yake: *Ulitazama uso wa neno (1). Ulimfuata jirani (2). Uliandika kama tunavyoongea (3, 6, 7, 8).* Hapo makosa sita yamekuwa matatu, na la mwisho lina uzito kuliko mengine.

Kabla hujatuma, pitia haya:

- [ ] Nimenakili alichoandika, si alichotaka kuandika?
- [ ] Kila nomino nimeijaribu katika wingi?
- [ ] Nimetaja kiima, si nomino iliyo karibu na kitenzi?
- [ ] Hakuna "dada yangu" wala "kitoto kimelia" niliyoikata bure?
- [ ] Kosa la tahajia nimelitenga na kosa la ngeli, kwa rangi nyingine?

Kupima kama amelishika

Mpe sentensi mpya siku ya pili, si usiku uleule, wakati majibu yangali machoni pake. Zitunge kufuata sababu, si kufuata ngeli. Nilimtumia hizi sita:

1. Viongozi wa chama ___mekutana.
2. Mafuta ya taa ___memwagika.
3. Mlango wa chumba cha wageni ___mevunjika.
4. Kuimba kwao ___mewafurahisha wazee.
5. Sokoni kwetu ___mejaa matope.
6. Mizoga ya vifaranga ___mezikwa.

Majibu ni *wa, ya, u, ku, ku, i*. Ya 3 ina majirani wawili kabla ya kitenzi, *chumba* na *wageni*. Ya 6 ndiyo ngumu kuliko zote: kuna vifaranga wanaovuta kuelekea *wa-* au *vi-*, na kuna neno *ya* linaloruhusu *i-* na *ya-*. Ni mzoga, mizoga, U-I, pekee unaotoa jibu.

Akipata zote, mwambie azigeuze katika ukanushi, kwa kuwa huko ndiko kiambishi kinapojificha. Mafuta hayajamwagika na mlango haujavunjika bado vinaonyesha *ya* na *u* baada ya *ha*. Lakini katika A-WA umoja, *ha* na *a* humezana: kiongozi hajakutana na wenzake, si "haajakutana". Mtoto akiandika *hajakutana*, usimwambie ameacha kiambishi.

Picha ya pili ilifika saa moja usiku, safari hii imepigwa mchana karibu na mlango. Sentensi ya 5 alikuwa ameandika *i-*, akaikata mwenyewe na kuweka *ku-*, na *-ni* ya "sokoni" ameipigia mstari. Ya 6 ilikuwa *imezikwa*. Pembeni, kwa penseli, alikuwa ameandika: "mizoga, si vifaranga."